Kinachohama ni memori, si diski
"Nikihamisha mashine pepe ikiwa inawaka, diski yake ya GB 500 si itanakiliwa usiku kucha?"

Hapana, ndugu yangu. Diski haisogei, iko kwenye hifadhi ya pamoja ambayo seva zenu zote mbili hapo Ujiji zinaifikia. Kinachohama ni memori. GB 8 kwa waya wa gigabiti 1 huchukua dakika moja na ushei. Kurasa za memori zilizobadilika wakati huo hunakiliwa tena, hadi zibaki chache. Mashine husimama kufumba na kufumbua, kisha huendelea upande wa pili.

Hifadhidata inayobadilisha memori haraka kuliko waya unavyobeba ndiyo hukwama. Endesha `virsh domjobinfo JINA`, ukiweka jina la mashine pepe yako mahali pa JINA: `Memory remaining` hushuka, hupanda, haiishi. Ipunguzie kazi kwanza. Na hifadhi ya pamoja ikizimika, seva zote mbili hazina diski.