Kadi ya moyo iliyobeba mzigo mzito

Kijana mmoja wa kidato cha pili alinijia chuoni hapa Mtwara na rundo la kadi alizokata kwenye karatasi ya manila. Mbele ameandika swali, nyuma jibu. Kadi yake ya kwanza iliuliza: "Eleza mzunguko wa damu." Nyuma kulikuwa na mistari tisa, herufi ndogo kama punje za ufuta.

Nikamwambia ajibu kabla ya kuigeuza. Alitaja vyumba vinne vya moyo, akataja aorta, vali akaziruka zote. Alipogeuza akacheka: "Nimepata, Mwalimu, nimesahau kidogo tu." Akaiweka upande wa kadi anazozijua.

Hapo ndipo kadi nzito inapoponza. Jibu likiwa na mambo saba, ukakumbuka matano, huwezi kusema umepata wala umekosa. Ukiiweka kwenye zilizokushinda, kesho utarudia matano unayoyajua. Ukiiweka kwenye unazozijua, vali hutaziona tena. Ukijikuta unasita kadi iende rundo lipi, ikate.

Tukaikata. Kadi moja ikauliza: "Damu ikitoka chumba cha chini kulia, inaingia mshipa gani?" Jibu: ateri ya mapafu. Nyingine: "Vali iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto huzuia damu isirudi wapi?" Jibu: chumba cha juu kushoto. Kila hatua ikapata kadi yake.

Ila fupi nayo huweza kuwa mbovu. Alikuwa na hii: "Ateri hubeba nini?" Nyuma: damu yenye oksijeni. Ateri ya mapafu hubeba damu iliyopungukiwa oksijeni, kwa hiyo kadi hiyo ingemfundisha kosa. Tuliibadili: "Ateri hupeleka damu upande gani?" Jibu: kutoka kwenye moyo. Ile ya mapafu ikapewa kadi yake peke yake, maana ndiyo inayowachanganya wengi.

Kadi ninayoipenda zaidi ni ya sababu: "Kwa nini ukuta wa chumba cha chini kushoto ni mnene kuliko wa kulia?" Wa kushoto husukuma damu mwili mzima, wa kulia huipeleka mapafuni tu, palepale jirani. Sentensi ni ndefu kidogo, lakini wazo ni moja, na ukiliweza unaweza kujieleza hata mtihani ukiuliza kwa namna nyingine.

Kwa upande mwingine, ukikata kila kitu vipande vipande, njia nzima ya damu hupotea kichwani. Usiilazimishe hiyo iwe kadi. Chukua karatasi tupu, chora vyumba vinne, kisha fuata kwa kidole tangu damu inapoingia kwa vena kava hadi inapotoka kwa aorta. Pale kidole kitakaposimama ndipo uandike kadi mpya. Cha kijana wetu kilisimama kwenye vena ya mapafu, akaomba manila nyingine.