Je, wajua kwa nini elektroni nyepesi hupungukiwa nafasi?

"Elektroni si ileile popote ilipo? Sasa mbona ndani ya silikoni wanaipa tungamo hili, ndani ya galiamu asenidi jingine, na hilo linahusiana vipi na idadi ya elektroni zinazopitisha umeme?"

Ni ileile kweli. Ila ndani ya fuwele haiko peke yake: ukiisukuma kwa volti, atomi zilizojipanga safu kwa safu nazo zinaivuta huku na huku. Kufuatilia kila mvuto ni kazi isiyoisha, kwa hiyo wanafizikia huificha mivuto hiyo yote ndani ya namba moja, tungamo tendaji, kisha huihesabu elektroni kana kwamba iko huru. Namba yenyewe si ya kubuni. Katika miaka ya 1950 mwanafizikia Charles Kittel na wenzake huko Berkeley, Marekani, walipoza fuwele hadi karibu kelvini 4, wakaziweka kwenye uga wa sumaku na kuzipigia mikrowevu. Elektroni ikiwa kwenye sumaku huzunguka, na ikiwa nyepesi huzunguka upesi zaidi. Marudio ambayo mikrowevu inamezwa ndiyo yanayotaja tungamo. Kwa galiamu asenidi, tungamo la elektroni ni 0.067 tu ya lile la elektroni huru.

Sasa tuje kwenye nafasi, yaani hali ambazo elektroni inaweza kukaa. Elektroni iliyopanda hadi bendi ya upitishaji, yaani eneo la nishati ambamo elektroni huwa huru kupitisha umeme, hukaa karibu na sakafu yake, ikiwa na nishati ya joto tu, ambayo kwa kelvini 300 (nyuzi 27 hivi) ni takribani elektronivolti 0.026, kwa kifupi eV. Kwa nishati hiyohiyo, elektroni nzito hubeba momenta kubwa kuliko nyepesi. Na hapa ndipo penye siri: nafasi zimegawanywa kwa usawa kwenye momenta, si kwenye nishati. Kila kichumba cha momenta kinapokea elektroni mbili, basi. Chora tufe la momenta zote zinazofikika kwa joto hilo. Nusu kipenyo chake kinakua kwa kipeuo cha pili cha tungamo, na ujazo wake, yaani idadi ya vichumba, unakua kwa tungamo lililopandishwa kwa 3/2:

N_c = 2(2πm*kT/h²)^(3/2)

Hapa N_c ni idadi ya nafasi, m* ni tungamo tendaji, T ni joto kwa kelvini, k ni namba ya Boltzmann na h ni namba ya Planck. Kwa tungamo la elektroni huru inatoka nafasi 2.5×10¹⁹ katika kila sentimita moja ya ujazo. Weka 0.067 na unabaki na 4.4×10¹⁷ tu, pungufu mara hamsini na kitu.

Silikoni ina mitego yake, na hapa wanafunzi wengi huteleza. Bendi yake ina mabonde sita, na katika kila bonde elektroni ni nzito upande mmoja (0.98) na nyepesi pande mbili (0.19). Ukitaka kujua inavyokimbia unatumia wastani wa 0.26. Ukitaka kuhesabu nafasi, unazidisha tungamo za pande tatu, unatafuta kipeuo cha tatu, kisha kwa ajili ya mabonde yote sita unazidisha kwa 6^(2/3), inatoka 1.08, na N_c inakuwa 2.8×10¹⁹. Ukiiingiza 0.26 kimakosa, jibu lako linapungua zaidi ya mara nane.

Nafasi si elektroni, lakini. Idadi ya elektroni ni nafasi mara uwezekano wa kila nafasi kukaliwa, na uwezekano huo unategemea kiwango cha Fermi, E_F, yaani nishati ambapo nafasi ina uwezekano wa nusu wa kukaliwa, kiko chini ya sakafu ya bendi, E_c, kiasi gani:

n = N_c · exp(−(E_c − E_F)/kT)

Kikiwa 0.2 eV chini, nafasi zinazokaliwa ni kama 4 katika kila 10,000. Silikoni inapata elektroni 1.2×10¹⁶, galiamu asenidi 1.9×10¹⁴. Umbali ni uleule, joto ni lilelile; tofauti yote imeletwa na tungamo.

Fomula hii inadai nafasi nyingi ziwe tupu. Chukua galiamu asenidi uitie atomi 10¹⁸ za silikoni katika kila sentimita moja ya ujazo (ndiyo, silikoni yenyewe huwa kiungo humo), kila moja ikitoa elektroni yake. Fomula itakuambia kila nafasi imekaliwa mara mbili na zaidi, jambo lisilowezekana, maana nafasi moja ni ya elektroni moja. Ukihesabu sawasawa, kiwango cha Fermi kimeshaingia ndani ya bendi, takribani 0.04 eV juu ya sakafu. Silikoni yenye elektroni hizohizo 10¹⁸ bado haijafika huko. Nafasi zake ni nyingi mno.

Dalili huonekana kwa mwanga. Sakafu ya bendi ikishajaa, mwanga uliokuwa ukipandisha elektroni hadi pale unakosa pa kuziweka, kwa hiyo fuwele inaacha kuumeza, ikisubiri mwanga wenye nishati kubwa zaidi. Wanafizikia Burstein na Moss walilieleza jambo hilo mwaka 1954 kwa indiamu antimonidi, ambayo elektroni zake ni nyepesi hata kuliko za galiamu asenidi.