Mkandarasi akiomba advansi: hesabu ya boti tatu kutoka Kibirizi

Barua ya kwanza ilikuwa na mistari minne. Mkandarasi, mama mmoja aliyesajiliwa daraja la saba la ukandarasi ambaye kazi yake naiheshimu, alikuwa ameshinda zabuni ya kujenga vyumba viwili vya madarasa na ofisi katika kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Kigoma mjini. Mkataba ulikuwa wa shilingi milioni 120 na muda wa wiki 16. Aliandika: "Naomba nilipwe asilimia 40 ya mkataba, sawa na shilingi milioni 48, ili niweze kuanza kazi." Hapakuwa na kingine chini yake ila sahihi na mhuri.

Mimi ni mkadiriaji majenzi na barua za namna hii hupita mezani kwangu mara kwa mara. Nyingi hukataliwa, na waombaji huondoka wakiamini wamenyimwa kwa roho mbaya. Shida huwa kwamba barua haikujibu swali la anayetoa fedha: kitu gani hasa lazima kilipiwe kabla ya malipo ya kwanza ya kazi kuingia, na fedha hii itarudi vipi?

Malipo ya awali, ambayo saiti tunayaita advansi, ni fedha ya mkandarasi mwenyewe iliyotangulizwa. Haiongezi bei ya mkataba hata senti moja. Mwenye kazi anamkopesha bila riba, kisha anajikata kidogo kidogo kwenye kila hati ya malipo mpaka deni liishe. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kusoma masharti maalumu ya mkataba. Kama hayakutaja malipo ya awali, au yametaja kiwango cha juu, barua hata iwe nzuri kiasi gani haitavuka hapo. Hilo huulizwa wakati wa zabuni, kabla ya kujaza bei.

Kwa yule mama, mkataba uliruhusu hadi asilimia 15. Nilimwita ofisini, nikamwambia, "Mama, weka hii asilimia pembeni kwanza. Nieleze tu utafanya nini tangu siku ya kukabidhiwa saiti mpaka siku hela ya kwanza itakapoingia." Akaanza na boti.

Kijiji kile mzigo mzito hufika kwa maji. Saruji na nondo hupakiwa kwenye gati la Kibirizi, na mwenye boti hapakii kwa ahadi. Kuna siku nilikuwa pale gatini nikimtazama fundi akibembeleza, mifuko yake imeshapangwa mchangani na wingu linakusanyika upande wa Kongo. Nahodha akamjibu kwa upole kabisa, "Ndugu yangu, mafuta nanunua kwa hela taslimu." Mzigo ulilala pale, na mifuko ya chini ikanyonya unyevu. Gharama ya aina hii ndiyo inayohalalisha advansi: hailipiki kwa mkopo, haikwepeki, na inatangulia kazi yoyote ya kupimika.

Tukaandika hesabu yake pamoja. Jamvi, yaani zege la sakafu juu ya msingi, lingemwagwa wiki ya nne, na mkataba ulimpa mwenye kazi siku 28 za kulipa baada ya hati kuidhinishwa. Maana yake hela ya kwanza ingeingia karibu na mwisho wa wiki ya nane, na wiki zote hizo nane mafundi wanakula. Saruji mifuko 300 ya msingi, jamvi na kufyatua tofali za kuta kwa bei yake ya 22,000 ilikuwa milioni 6.6. Nondo 100 kwa 24,000 zilikuwa milioni 2.4. Safari tatu za boti, milioni 4.2. Mawe, kokoto na mchanga wa palepale kijijini, milioni 3. Kukodi mashine ya kuchanganyia zege pamoja na mafuta yake, milioni 2. Stoo na banda la mafundi, milioni 1.5. Ujira wa wiki nane kwa 600,000 kila wiki, milioni 4.8. Ada ya dhamana na bima, laki tisa. Jumla ikawa milioni 25.4.

Akakaa kimya kidogo akiitazama ile namba. Alikuwa ameomba 48.

Nilipomuuliza zile nyingine zilikuwa za nini, alisema mabati na mbao, anunue mapema bei isije ikapanda. Ninaielewa hofu hiyo, lakini kupaua kulikuwa wiki ya kumi. Mabati yakikaa kijijini miezi miwili yanahitaji mlinzi, na saruji yote ya plasta ikinunuliwa siku ya kwanza inapoteza nguvu ikiwa stoo, hasa kwenye unyevu wa ziwani. Mwenye kazi akiona mabati kwenye ombi la msingi anajua mara moja kwamba mwombaji hajapanga ratiba, au fedha ina safari nyingine.

Milioni 25.4 nazo hazikuwa za kuombwa zote. Yeye alikuwa na milioni 7.4 zake, akaziweka wazi kwenye barua. Zikabaki milioni 18, ambazo ni asilimia 15 kamili ya mkataba. Kutaja mchango wako hakukudhalilishi: kunamwonyesha mwenye kazi kwamba na wewe una cha kupoteza.

Baada ya hapo kinakuja kipande ambacho wakandarasi wengi wadogo hukiruka na kuja kukijutia: hatua za malipo na makato. Barua ya pili aliiandika hivi:

"Hatua ya kwanza, msingi na jamvi, milioni 30. Hatua ya pili, kuta, lenta na mkanda wa juu, milioni 30. Hatua ya tatu, kupaua na kuezeka, milioni 36. Hatua ya nne, plasta, sakafu, milango, madirisha, rangi na makabidhiano, milioni 24. Napendekeza malipo ya awali ya milioni 18 yakatwe milioni 6 katika kila moja ya hatua tatu za kwanza, ili deni liishe jengo likiezekwa."

Tuifuate hela. Mkataba wake ulikuwa na fedha za zuio asilimia 5, zinazobakizwa kwa ajili ya kasoro. Kwenye hatua ya kwanza ya milioni 30 anakatwa 6 za advansi na 1.5 za zuio, anapokea 22.5. Hatua ya pili vilevile, 22.5. Hatua ya tatu, milioni 36 inatoa 6 na 1.8, anapokea 28.2. Hatua ya nne hakuna tena deni la advansi, linatoka zuio la 1.2 tu, anapokea 22.8. Jumlisha na zile 18 za mwanzo unapata milioni 114, na 6 za zuio zinabaki: nusu hutolewa kwenye makabidhiano, nusu baada ya kipindi cha matazamio, yaani muda wa kungoja kuona kama kasoro zitajitokeza. Kodi sijaziweka hapa, nazo lazima zijumuishwe kwenye hesabu halisi.

Mkandarasi asiyefanya hesabu hii anaamini hatua ya kwanza itamletea milioni 30. Ameshaagiza mbao na mabati kwa imani hiyo, inaingia 22.5, anaanza kumtuhumu mhasibu kwamba kamla. Kumbe ni mkono wake mwenyewe uliotangulia kuchukua.

Kuna wanaoomba makato yote yasogezwe hadi hatua ya mwisho ili wapumue. Kwa mwenye kazi huo ni mtego. Kwenye mfano huu hatua ya nne ni milioni 24. Ukitoa 18 za deni na 1.2 za zuio, mkandarasi amebakiza kupokea milioni 4.8 huku plasta, milango na rangi vinamsubiri. Wengi hapo hupotea. Ukiona jengo la umma limeezekwa vizuri na halina milango mwaka mzima, ulizia makato ya advansi yalipangwaje. Mara nyingi utapata jibu.

Maneno ya kila hatua nayo yana uzito. "Msingi umekamilika" ni sentensi ya ugomvi, kwa sababu fundi anamaanisha tofali zimefika usawa wa ardhi na mhandisi anamaanisha jamvi. Tuliandika: jamvi limemwagwa eneo lote la michoro, limemwagiliwa maji siku saba, limekaguliwa na msimamizi na fomu ya ukaguzi imesainiwa. Mtu yeyote wa kamati ya shule anaweza kwenda na kuona kama ni kweli.

Inabaki dhamana. Mwenye kazi hatoi milioni 18 kwa barua pekee. Anadai dhamana ya malipo ya awali ya kiasi hichohicho kutoka benki, au kampuni ya bima pale mkataba unaporuhusu. Mkandarasi akitoweka, mtoa dhamana analipa. Ugumu kwa mkandarasi mdogo ni kwamba baadhi ya benki humtaka aweke fedha taslimu kama kinga. Akifungiwa milioni 18 ili apewe milioni 18, hajasaidika. Ni bora aende kuuliza masharti kabla ya kuandika barua, na aombe dhamana iandikwe kwamba kiasi chake kinapungua kadiri makato yanavyofanyika, yaani 12 baada ya hatua ya kwanza, 6 baada ya ya pili.

Kwa fundi asiyeweza kabisa kupata dhamana, na kwa mtu anayejenga nyumba yake binafsi, mimi hupendekeza njia nyingine ambayo huku kwetu inafanya kazi: mwenye kazi amlipe muuza saruji na mwenye boti moja kwa moja, mzigo uhesabiwe ukishuka mwambaoni, na stoo iwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa fundi na mwingine kwa mwenye kazi. Fundi anapewa mkononi ujira wa wiki tu. Hela haipiti kwake, lakini kazi inaanza.

Na wewe unayepokea dhamana, usiishie kutazama mhuri. Andikia tawi lililoitoa kwa anwani uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo kwenye karatasi uliyoletewa, uwaulize kama wanaitambua. Kisha soma tarehe ya mwisho. Nimewahi kushika dhamana halali kabisa iliyokwisha siku ileile mkataba ulipopangwa kwisha, wakati kazi ilikuwa imechelewa wiki sita na hatua mbili za makato bado. Mkandarasi alikuwa ameshahama na simu haipatikani. Benki walitujibu kwa adabu kwamba tulipaswa kudai, au kuomba iongezwe muda, kabla ya ile tarehe. Tangu hapo kila dhamana inayofika kwangu naandika tarehe yake kwenye kalenda ya ukutani, na mwezi mmoja kabla yake natoka kwenda saiti kuangalia jengo limefika wapi.