“Hakuna Kamisheni” Haina Maana ya Bure: Duka la Fedha au Benki?

Malalamiko mengi yanayotufikia kutoka kwa wanaobadilisha fedha za kigeni huanza hivi: “Niliambiwa hakuna kamisheni, mbona fedha yangu imepungua?” Imepungua kwa sababu gharama imo ndani ya bei yenyewe. Na tulielewane mapema: bei ya kununua iliyoko ubaoni ni bei ambayo duka linanunua dola kutoka kwako. Si wewe unayenunua.

Kati ya bei ya kununua na ya kuuza kuna pengo, na humo ndimo duka linapopata riziki yake. Si wizi. Tatizo ni kwamba mteja hutazama upande mmoja wa ubao tu, kwa hiyo haoni amekatwa kiasi gani.

Tuseme bei ya soko, ile ambayo mabenki huuziana kwa jumla, ni shilingi 100 kwa dola. Duka linanunua kwa 97 na kuuza kwa 103, bila kamisheni. Benki inanunua kwa 98.50 na kuuza kwa 101.50, lakini inatoza ada ya shilingi 150 kwa kila muamala. (Tarakimu hizi ni za mfano, tafadhali msizipeleke dirishani.)

Ukiuza dola 40, duka litakupa 3,880. Benki itakupa 3,940, itoe ada, ubaki na 3,790. Hapo duka limekufaa, na hiyo ada uliyoikimbia ulikuwa na haki ya kuikimbia. Ukiuza dola 100, kote utapata 9,700. Ukiuza dola 500, duka litakupa 48,500 na benki 49,100. Lile duka “lisilo na kamisheni” limekugharimu 1,500 ukilinganisha na bei ya soko. Benki yenye ada, 900.

Kwa hiyo swali la kuuliza dirishani ni moja: “Nikikupa noti hizi, nitaondoka na shilingi ngapi mkononi baada ya makato yote?” Waonyeshe noti zenyewe, kwani noti ndogo au zilizochakaa mara nyingi hupewa bei ya chini kuliko iliyo ubaoni. Bei ya soko ya kulinganishia utaipata kwenye tovuti ya benki kuu, si kwa kukisia katikati ya bei mbili za duka, maana duka laweza kuvuta bei zote mbili upande mmoja.

Kuhusu risiti: idai kabla ya kuondoka. Iwe na tarehe, jina la duka, kiasi ulichotoa, bei iliyotumika, makato na kiasi ulichopokea. Hesabu fedha hapo hapo. Ukiona bei ya risiti si ile uliyoambiwa, anza na msimamizi wa duka au tawi. Asipokusikiliza, andikia mamlaka iliyotoa leseni na uambatishe nakala. Bila risiti hakuna cha kuchunguza. Na kama bei ilibandikwa wazi, ukaikubali, kisha ukagundua jirani alikuwa na nafuu, barua yako itapokelewa, lakini bei ghali peke yake kwa kawaida si kosa la kuadhibiwa.