HSG: Ukiambiwa Mrija Umeziba, Uliza Umeziba Wapi

HSG ni eksirei ya mfuko wa uzazi na mirija yake, inayopigwa huku dawa inayoonekana kwenye picha ikipitishwa kupitia mlango wa kizazi. Usahihi wake unaanzia kwenye kalenda. Siku damu inapoanza kutoka ndiyo siku ya 1, na kipimo hufanywa hedhi ikishakauka, kwa kawaida siku ya 7 hadi ya 10. Hedhi ikianza tarehe 3 na kukauka tarehe 8, njoo kati ya tarehe 9 na 12, na msikutane kimwili tangu hedhi ianze hadi kipimo kiishe, mimba changa isije ikapigwa mionzi. Kama una maumivu ya nyonga na uchafu wenye harufu, sema mapema: kipimo kitaahirishwa utibiwe kwanza, kwani dawa ikisukumwa inaweza kupandisha vijidudu. Sema pia kama una mzio wa dawa za picha.

Wengi hushauriwa kumeza ibuprofeni miligramu 400 saa moja kabla, isipokuwa mwenye vidonda vya tumbo au aliyekatazwa dawa hiyo. Utalala chali, magoti yamekunjwa. Mlango wa kizazi husafishwa, mpira mwembamba huingizwa, kisha dawa, mara nyingi mililita 10 hivi, husukumwa polepole. Hapo tumbo hukaza kama siku mbaya ya hedhi, halafu huachia.

Kwenye picha nzuri mfuko huonekana kama pembetatu. Kila pembe ya juu hutoa mstari mwembamba kama uzi, na mwisho wa uzi dawa humwagika na kutawanyika tumboni. Kumwagika huko ndiko kunakoonyesha kwamba mrija uko wazi.

Dawa ikigota pale kwenye pembe ya mfuko, mrija usionekane kabisa, usikubali haraka kwamba umeziba. Misuli ya sehemu hiyo hujikaza kwa maumivu au hofu, hasa dawa ikisukumwa kwa nguvu, na picha hufanana na ya kuziba kweli. Mpigaji mzuri husubiri kidogo, humgeuza mama, kisha husukuma tena taratibu. Ikiwa bado haipiti, kipimo kinaweza kurudiwa au kuthibitishwa kwa laparoskopi, yaani kuchungulia ndani ya tumbo kwa kamera ndogo.

Hali ni tofauti dawa ikifika mwisho wa mrija na kuuvimbisha kama puto refu bila kumwagika. Huo kwa kawaida umeziba kweli, mara nyingi kutokana na maambukizi ya zamani. Siku hiyohiyo mama huandikiwa antibiotiki, kwa mfano doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku, siku 5.

Matone ya damu siku moja au mbili ni kawaida. Homa, maumivu yanayozidi au uchafu wenye harufu si kawaida. Rudi hospitali siku hiyohiyo.