Breki ya mtutu na kompenseta: gesi inavyogeuzwa njia

*Breki ya mtutu na kompenseta si kitu kimoja? Na kwa nini bunduki yenye breki haimpigi teke sana mwenye nayo, lakini aliyelala pembeni yake analalamika masikio?*

Ni vitu viwili. Breki huitoa gesi pembeni, mara nyingi ikiielekeza nyuma kidogo, na kwa kufanya hivyo huivuta bunduki mbele. Kompenseta huitoa gesi juu, na mdomo wa mtutu unasukumwa chini. Kelele nayo huifuata gesi ilikopelekwa, ndiyo maana jirani analalamika.

Ili kuona kila kimoja kinaweza nini, tuanze na gesi yenyewe. Chukua bunduki ya kilo 4 inayopiga risasi za .308. Risasi ina uzito wa gramu 10.9 na inatoka kwa kasi ya mita 800 hivi kwa sekunde. Zidisha uzito kwa kasi, upate msukumo wa 8.7 (kilo mita kwa sekunde). Hicho ndicho kiasi ambacho bunduki inapaswa kurudi nacho nyuma kwa sababu ya risasi peke yake.

Lakini ndani ya ganda kulikuwa pia na baruti, tuseme gramu 2.85. Ikiungua inakuwa gesi yenye uzito uleule, na risasi ikishatoka, gesi hiyo inachomoka mdomoni kwa kasi kubwa kuliko ya risasi. Katika hesabu za teke za bunduki za nguvu, kasi ya gesi huchukuliwa kuwa mara 1.75 ya kasi ya risasi, yaani mita 1,400 kwa sekunde hapa. Gesi inaongeza msukumo wa 4.0. Jumla ni 12.7, na karibu theluthi yake imetokana na kitu ambacho hakikuwa na kazi tena, kwa kuwa risasi imekwisha kwenda zake.

Theluthi hiyo ndiyo mali yote ambayo breki au kompenseta inaweza kuifanyia kazi. Teke lililosababishwa na risasi wakati inakimbia ndani ya mtutu halizuiliki kwa kifaa chochote cha mdomoni, maana limeshatokea kabla gesi haijafika kwenye matundu.

Breki

Ukiikata breki kwa urefu utaona chemba moja au zaidi, kila moja ikiwa na ukuta mbele wenye tundu la kupitisha risasi, na nafasi pana kulia na kushoto. Risasi ikiingia kwenye tundu la ukuta wa kwanza inaliziba kwa kitambo kidogo sana. Gesi iliyo nyuma yake inakosa njia ya mbele, inaupiga ule ukuta, kisha inakimbilia pembeni. Kule kuupiga ukuta ndiko kunakoivuta bunduki mbele. Mikondo ya gesi ya kulia na ya kushoto ina nguvu sawa, kwa hiyo inafutana na bunduki haiendi upande wowote.

Turudi kwenye hesabu. Bila breki, 12.7 kugawa kwa kilo 4 ni kasi ya kurudi ya mita 3.2 kwa sekunde, sawa na jouli 20 za teke begani. Breki ikifaulu kuitoa nusu ya gesi moja kwa moja pembeni, msukumo unashuka hadi 10.7 na teke linabaki jouli 14 hivi. Ikifaulu kuitoa yote, msukumo ni ule wa risasi tu, 8.7, na teke ni jouli 9.5, chini ya nusu ya mwanzo. Nguvu ya teke hupungua haraka kuliko msukumo kwa sababu inafuata kasi iliyozidishwa kwa yenyewe. Ndiyo maana mtu anayefunga breki nzuri kwa mara ya kwanza huona tofauti kubwa kuliko alivyotarajia.

Kuna njia ya kupata zaidi: kuinamisha matundu yatazame nyuma, ili gesi isiishie kusimamishwa tu bali irudishwe. Mizinga hufanya hivyo. Kwa bunduki ya begani faida hiyo ina gharama, na gharama yenyewe ni masikio. Tutaifikia.

Kompenseta

Kupanda kwa mdomo ni jambo jingine kabisa. Mstari wa mtutu huwa juu ya mahali kitako kinapokaa begani. Teke linasukuma nyuma kwa juu, bega linazuia kwa chini, basi bunduki inazunguka na mdomo unanyanyuka. Tuseme umbali kati ya mstari huo na sehemu kitako kinapoegemea ni sentimita 3. Msukumo wa 12.7 kwa mita 0.03 unatoa mzunguko wa 0.38.

Sasa toboa njia ya gesi juu tu. Gesi ikipanda, mdomo unashuka, tena mdomo uko mbali na bega, mita 0.9 hivi. Kwa umbali huo unahitaji msukumo wa chini wa 0.42 tu kuufuta mzunguko wote. Gesi yetu ilikuwa na 4.0. Yaani sehemu moja ya kumi ya gesi ikielekezwa juu inatosha kuutuliza mtutu. Hesabu hii imerahisishwa, maana bega hulegea na mikono nayo hushika, lakini inaonyesha jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walione: kwenye bunduki ndefu, kompenseta ni rahisi sana kuzidisha. Ukiona mdomo unazama chini ya shabaha baada ya kila mlio badala ya kubaki ulipo, gesi inayotoka juu imezidi.

Angalia AK-74, mfano mzuri wa kifaa kinachofanya kazi zote mbili. Mdomoni ina chemba kubwa yenye mipasuo mipana kulia na kushoto, hiyo ni breki. Kisha ina matundu madogo matatu yaliyopangwa kukabili mdomo unaopanda na kuhamia kulia. Mipasuo mipana kwa teke, vitundu kwa kupanda: uwiano uleule tulioupata kwenye hesabu. AKM iliyoitangulia, ya mwaka 1959, ilikuwa na kipande kifupi kilichokatwa mshazari kama mdomo wa kijiko. Hicho ni kompenseta tupu. Kinausukuma mdomo chini na kushoto kwa ajili ya mpigaji wa mkono wa kulia, na teke lenyewe hakilipunguzi kiasi cha kuhisiwa begani.

Kwa nini bastola haitulii hivyo

Fanya hesabu ileile kwa bastola ya milimita 9. Risasi ya gramu 8 kwa mita 350 kwa sekunde ina msukumo wa 2.8. Baruti ni gramu 0.4 hivi, na kwa bastola kasi ya gesi huhesabiwa mara 1.5 ya ile ya risasi. Gesi inatoa 0.2 tu, asilimia 7 ya jumla. Breki ya pembeni hapo haina cha kuvuna.

Kompenseta ina nafuu kidogo kwa sababu ya umbali. Mtutu uko sentimita 6 hivi juu ya kifundo cha mkono, basi mzunguko wa kuupinga ni 0.18. Mdomo ukiwa sentimita 22 mbele, gesi yote ikienda juu inatoa chini ya 0.05, karibu robo ya kinachohitajika. Robo hiyo inasaidia kuirudisha shabaha upesi, ila asiyejua hesabu atadhani kifaa chake ni kibovu. Wapigaji wa kitengo cha Open katika mashindano ya IPSC hutumia risasi zenye baruti nyingi inayoungua polepole kwa sababu hiyohiyo: wanataka gesi zaidi ifike mdomoni.

Bastola ina tatizo lake pia. Kompenseta iliyofungwa kwenye mtutu inaongeza uzito, na gesi yake inapunguza kasi ya slaidi, kile kipande cha juu cha bastola, kurudi nyuma. Ukitumia risasi hafifu, ganda linanasa mlangoni au slaidi haifiki mwisho. Dawa ni risasi za nguvu ya kawaida, au springi laini zaidi iliyopendekezwa na aliyetengeneza kompenseta.

Kifaa kikikaa vibaya

Breki ya pembeni na kompenseta zina upande wa juu. Kompenseta ikifungwa ikiwa imezunguka nyuzi 20 tu, inasukuma pia upande kwa nguvu sawa na theluthi moja ya nguvu yake, na alama ya kulengea inaruka mshazari kila mara kuelekea upande uleule. Ukiona mruko wa namna hiyo usilaumu mkono kwanza, angalia kifaa kimesimama wima. Baada ya kukifunga pia piga upya shabaha za kurekebisha darubini, kwa sababu uzito mpya mdomoni hubadilisha mtikisiko wa mtutu na risasi huhama.

Kubwa zaidi ni mstari. Risasi inatakiwa ipite katikati ya kila tundu bila kugusa. Mstari ung'aao wa shaba upande mmoja wa tundu la mwisho maana yake risasi inagusa. Acha kupiga, kipeleke kwa fundi wa silaha.

Kelele

Breki haitengenezi sauti mpya; inaihamisha. Bunduki ya .308 hutoa mlio wa kama desibeli 160 kwa kilele, na 140 ndiyo huhesabiwa kikomo cha mlio wa ghafla kwa sikio lisilokingwa. Bila breki sehemu kubwa ya mshindo huenda mbele, mbali na mpigaji. Breki ikiurudisha, sikio lake hupokea desibeli 5 hadi 10 zaidi, na kila desibeli 6 ni shinikizo mara mbili. Aliye pembeni, kwenye mstari wa matundu, hupata zaidi ya mpigaji mwenyewe. Ule mlio wa mpasuko wa risasi iliyopita kasi ya sauti haubadiliki hata kidogo.

Kompenseta haiwasumbui majirani sana, lakini gesi yake hupita mbele ya macho ya mpigaji, na usiku mwako wake hufunika shabaha. Vyenye matundu ya chini navyo huinua vumbi ukiwa umelala kifudifudi.

Kwenye safu yenye breki, vaa viziba masikio na juu yake vifuniko. Vikivaliwa pamoja havijumlishi namba zao; ongezeko ni kama desibeli 5 juu ya kile kilicho bora. Ukipanga wapigaji, mwenye breki mweke mwisho wa safu, na mtazamaji wake akae nyuma yake, asikae usawa wa mdomo wa mtutu.