Nyumba yako si dhima, shemeji

Shemeji yangu ni mwalimu wa sekondari. Juzi alitoka semina ya ujasiriamali na karatasi ya daftari aliyoigawa katikati kwa rula, mali kushoto, dhima kulia. Nyumba yake ya Chanika kaiandika kulia. Gari lake, IST, nalo kulia. "Tumefundishwa mali ni kile kinachoingiza hela mfukoni," akaniambia. "Kinachotoa hela ni dhima." Nimeshayasikia maneno haya kwenye vikao vya harusi, kwenye daladala na hata msibani, nikanyamaza. Safari hii sikunyamaza.

Karatasi kama hiyo huitwa mizania ya kaya, nayo ni hesabu ya siku moja. Unaorodhesha vyote mnavyomiliki kwa bei ambayo vingeuzika leo, unatoa yote mnayodaiwa, kinachobaki ndicho thamani halisi ya kaya. Jina limetoka kwenye mizani, ile ya sahani mbili.

Sasa hiyo dhima. Shuleni tuliikariri kwenye "dhima ya fasihi", yaani kazi yake au wajibu wake, na nadhani ndiyo maana watu wakiisikia kwenye fedha wanaielewa kama mzigo wowote unaochosha. Asili yake ni Kiarabu, dhimma, na wanazuoni wa sheria ya Kiislamu husema deni liko katika dhima ya mtu: limemkaa shingoni mpaka alilipe. Kwa hiyo dhima lazima iwe na mtu upande wa pili, anayekudai. Nyumba ya Chanika haimdai mtu. Aliyekopesha mabati ndiye anayedai.

Gari linakula mafuta, kweli, lakini hayo ni matumizi, na matumizi yana karatasi yake nyingine, ya mapato na matumizi ya mwezi. Ukimlipa fundi papo hapo, hakuna dhima. Ukiondoka na gari ukamwambia "nitakutumia Ijumaa", mpaka hiyo Ijumaa una dhima. Umeme wa Luku huwezi kudaiwa kwa sababu umeununua kabla ya kuutumia. Bili ya maji ya miezi miwili iliyopita ni dhima.

Tukaipanga upya karatasi. Nyumba imemla milioni 38, na plasta bado. Ya jirani inayofanana nayo iliuzwa milioni 30, basi tukaandika 30. Mnunuzi halipii jasho lako. Gari milioni 9. Bidhaa za kiduka cha dada, kwa bei ya kununulia, milioni 2. Hisa za kikundi cha kuweka na kukopa milioni 1.2. Fedha za benki na za kwenye simu 600,000. Laki nane anazomdai binamu yake tangu mwaka juzi tulizitazama, tukatazamana, tukaandika sifuri. Jumla milioni 42.8.

Upande wa dhima palikuwa na deni la mabati na karo, milioni 2.3 kwa pamoja, na mkopo wa benki. Hapo pa mkopo ndipo wengi wanapoteleza. Alikopa milioni 15 kwa miezi 36, riba asilimia 17 kwa mwaka inayokokotolewa kwenye salio, na rejesho ni kama 535,000 kwa mwezi. Amelipa mwaka mmoja. Alizidisha marejesho 24 yaliyobaki akapata milioni 12.8. Lakini humo kuna riba ya miezi ambayo haijafika, na riba hiyo hajaanza kudaiwa. Salio lenyewe ni kama milioni 10.8. Namba hiyo iombwe benki, kwa sababu mikataba mingine ina tozo ya kulipa mapema, na riba inayopigwa kwenye mkopo wote tangu mwanzo huleta salio tofauti.

Dhima milioni 13.1. Thamani halisi milioni 29.7. Kwa hesabu ya semina, nyumba na gari vikiwa kulia, kaya hiyohiyo ingekuwa chini ya sifuri kwa zaidi ya milioni 48, na mwalimu wa watu angelala akiwaza.

Hoja ya semina ina ukweli wake: milioni 29.7 hazilipi karo ya Januari, maana fedha anayoweza kuishika kesho ni zile laki sita. Ila hilo ni swali la ukwasi, na hujibiwa kwa kuangalia ni mali ipi inageuka fedha upesi. Halijibiwi kwa kuhamisha nyumba upande.

Akauliza, gari lilinunuliwa kwa mkopo uleule, sasa liende wapi? Liandike mara mbili, shemeji. Gari huku, salio kule.